Madhara ya Dawa: Yapi Yanatabirika, Yapi Hayatabiriki?

Leo nazungumza hasa na ninyi mnaojiandaa na mitihani ya famasia, uuguzi na utabibu. Asiye mwanafunzi naye asibadilishe stesheni, maana habari yenyewe inamgusa kila anayemeza kidonge. Katika somo la ufuatiliaji wa usalama wa dawa kuna swali ambalo halikosekani. Unapewa mgonjwa, unatajiwa dawa, unaelezwa kilichompata, kisha unaulizwa: madhara haya yanatabirika au hayatabiriki? Majibu ni mawili tu, kwa hiyo linaonekana jepesi. Hata hivyo ndilo linalowapiga chenga hata waliokesha wakisoma, kwa sababu wamekariri mifano na kuiacha kanuni iliyoizaa.

Mgawanyo huo tunaufundisha kwa herufi mbili. Aina A ni madhara yanayotabirika, Aina B ni yasiyotabirika. Walioupanga hivyo ni Waingereza wawili, Rawlins na Thompson, mwaka 1977. Wenzao wa baadaye wameongeza herufi nyingine, kwa mfano za madhara yanayotokana na kutumia dawa miaka mingi na yale yanayomkuta mtu akiiacha ghafla. Hizo leo tuziache. Tukishika A na B barabara, nyingine zitafuata zenyewe.

Tuanze na mgonjwa rahisi. Bibi wa miaka 70 ana kisukari, na kila asubuhi anameza glibenklamaidi miligramu 5. Figo zake zimechoka kidogo kwa umri. Mwezi wa Ramadhani umeingia, naye hakumwambia mhudumu yeyote kwamba atafunga. Kidonge anakimeza wakati wa daku. Ikifika alasiri anatoka jasho, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Wanapompima sukari, kipimo kinasoma 2.4, wakati chini ya 4 tayari ni hatari kwa anayetumia dawa hii.

Hapa hakuna kitendawili. Kazi ya glibenklamaidi ni kulisukuma kongosho litoe insulini, ili sukari ya kwenye damu ishuke. Dawa haina macho ya kuona kama mtu amekula au hajala. Inaendelea kusukuma tu. Na kwa kuwa figo za bibi ni dhaifu, inachelewa kutoka mwilini, kwa hiyo nguvu ya kidonge kile kile inakuwa kubwa kuliko kwa kijana. Kilichompata bibi ni kazi ya dawa yenyewe iliyopitiliza kipimo. Hiyo ndiyo Aina A.

Mgonjwa wa pili ni kijana mzima wa afya, anachomwa sindano ya penisilini kwa ajili ya kidonda. Dakika tano hazijapita, midomo inavimba, koo linambana, ngozi inatoka mabaka ya kuwasha, presha inaporomoka. Jiulize: penisilini inafanya kazi gani? Inawazuia bakteria kujenga ukuta wao, na chembe za mwili wa binadamu hazina ukuta wa namna hiyo. Hata ukiisoma kazi hiyo mara mia, hutapata ndani yake sababu ya koo la kijana kuvimba. Sababu imo katika kinga ya mwili wa kijana huyu, iliyokwisha kujiandaa kuipiga vita penisilini. Mwingine angechomwa sindano hiyo hiyo, kutoka chupa hiyo hiyo, akaenda zake nyumbani. Na kijana huyu hata ukimpa robo ya dozi, au tone la kumjaribia tu, anaweza kuanguka. Hiyo ni Aina B.

Kutokana na wagonjwa hao wawili tunapata maswali mawili ya kuingia nayo kwenye chumba cha mtihani. La kwanza: je, kilichotokea kinatokana na kazi ya dawa inayojulikana, au kiko nje yake kabisa? La pili: tukiongeza dozi taratibu, je, hatimaye karibu kila mtu atapatwa na jambo hili? Ukijibu kwamba kinatokana na kazi ya dawa, na kwamba dozi ikipanda wengi watapatwa, uko kwenye Aina A. Ukijibu hapana yote mawili, uko kwenye B.

Sasa tuingie kwenye swali lenye mtego, lile ninalolipenda kuliko yote. Ninalipenda kwa sababu dawa ni moja, kiungo kinachoumia ni kimoja, lakini jibu si moja. Nitalisoma kama linavyoandikwa.

Mgonjwa wa kwanza ni mwanamume mwenye kilo 60. Amelazwa kwa homa ya uti wa mgongo, anapewa kloramfenikoli gramu 6 kwa siku. Siku ya 10 ya matibabu, hemoglobini yake imeshuka kutoka 12 hadi 9, na chembe nyekundu changa zimepungua sana kwenye damu. Dawa inasimamishwa. Baada ya wiki mbili damu yake inaanza kurudi katika hali ya kawaida.

Mgonjwa wa pili ni msichana wa miaka 16. Miezi miwili iliyopita alimaliza vidonge vya kloramfenikoli vya kutibu homa ya matumbo, kwa dozi ya kawaida, na akapona. Sasa analetwa hospitali fizi zinatoka damu, ngozi ina madoa ya damu, homa haishuki. Kipimo cha damu kinaonyesha chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani zote zimeshuka sana. Swali: taja aina ya madhara kwa kila mgonjwa, na utoe sababu.

Anayeharakisha anaandika hivi: wote wawili wameumia uboho, dawa ni kloramfenikoli, basi wote ni Aina B. Amekariri kwamba kloramfenikoli na uboho ni mfano wa B, na mfano huo kweli umo vitabuni. Lakini amepata nusu ya alama.

Tumwangalie mgonjwa wa kwanza. Kloramfenikoli inaua bakteria wengine, na wengi inawazuia kukua, kwa kuziba mitambo yao midogo ya kutengeneza protini, inayoitwa ribosomu. Ndani ya chembe zetu wenyewe kuna vijinofu vya kuzalisha nguvu, yaani mitokondria, navyo vina ribosomu zao zinazofanana na za bakteria. Dawa ikiwa nyingi kwenye damu, inaziba na hizo. Uboho unatengeneza damu usiku na mchana bila kupumzika, kwa hiyo ndio unaoanza kulemewa. Kwa hesabu, gramu 6 kwa siku ni nyingi, na hatari ya kulemewa huku inapanda dozi inapozidi gramu 4, au kiwango cha dawa kwenye damu kinapopita mikrogramu 25 kwa mililita. Ukisimamisha dawa, ribosomu zinafunguka na uboho unarudi kazini. Kazi ya dawa ndiyo ile ile, ila imefika mahali isipotakiwa. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza ni Aina A.

Msichana hana hata kimoja kati ya hayo. Dozi yake ilikuwa ya kawaida. Dawa imekwisha kutoka mwilini zamani. Uboho wake haukulemewa tu, umekauka, na kuacha dawa hakukusaidia kitu kwa sababu alishaiacha. Jambo hili humpata mtu mmoja kati ya 25,000 hadi 40,000 wanaotumia kloramfenikoli. Wale maelfu wengine ukiwapandishia dozi utawaletea shida ya mgonjwa wa kwanza, lakini hutawafikisha kwenye shida ya msichana. Mgonjwa wa pili ni Aina B, na hali yake ni ya kufa na kupona.

Angalia kilichotupa jibu. Jina la dawa halikutusaidia, kiungo kilichoumia hakikutusaidia. Tulisaidiwa na dozi na kalenda. Wa kwanza aliumia akiwa bado kwenye dawa nyingi, akapona ilipokoma. Wa pili aliumia wiki nyingi baada ya dawa kidogo. Mtunga swali mzuri huwa anaviweka vitu hivyo viwili waziwazi kwenye maelezo, na mwanafunzi mwenye haraka anavipita kama tanbihi.

Mtunga swali akitaka kukubana zaidi, ataleta mgonjwa wa tatu: mtoto mchanga wa siku nne aliyepewa kloramfenikoli kwa dozi kubwa kulingana na uzito wake. Tumbo limejaa, hanyonyi, presha imeshuka, ngozi imegeuka rangi ya majivu. Madaktari wa Marekani waliieleza hali hii mwaka 1959, baada ya watoto wachanga kufa. Ini la mtoto mchanga halijakomaa kiasi cha kuibadili kloramfenikoli ili itoke kwa njia ya mkojo, kwa hiyo kila dozi inakuta iliyotangulia bado ipo na dawa inarundikana. Ni hali ya kutisha, inaua, tena inampata mtoto, na hapo mwanafunzi anavutwa kuandika B. Jibu ni A. Punguza dozi iendane na ini la mtoto, na hali haitokei.

Hapo ndipo tunaona mitego mitatu ambayo karibu maswali yote ya namna hii huitegemea.

Mtego wa kwanza ni ukali. Watu hudhani Aina A ni madogomadogo na B ni ya kuua. Ni kweli kwamba kwa ujumla B huua kwa uwiano mkubwa zaidi, lakini ukali hauingii kwenye kanuni. Mgonjwa wa moyo anayetumia wafarini akavuja damu ndani ya ubongo amepatwa na Aina A, kwa sababu kazi ya wafarini ni kuzuia damu isigande. Mtoto anayetoka vipele viwili vitatu vya mzio kwa amoksilini, vikaisha kesho yake, amepatwa na B.

Mtego wa pili ni uchache. Aina A ni ya kawaida sana, ndiyo sehemu kubwa ya madhara yote tunayoyaona wodini, na B ni adimu. Lakini ya mtoto wa rangi ya majivu nayo leo ni adimu, na bado ni A.

Mtego wa tatu ndio unaonasa wengi: kuchanganya kinachojulikana na kinachotabirika. Mwanafunzi anasema, mzio wa penisilini unajulikana, umeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, kwa nini uitwe usiotabirika? Ni kwamba tunajua upo, ila kutokana na kazi ya penisilini peke yake huwezi kusema utampata nani wala kwa dozi gani. Kutabirika kwa maana ya mtihani ni kutabirika kutokana na kazi ya dawa na dozi yake. Kuandikwa kitabuni hakutoshi.

Mpaka hapa mgawanyo umesimama vizuri. Lakini mwanafunzi makini atauliza swali ambalo mwalimu hapaswi kulikwepa: je, yapo madhara yanayokaa katikati? Yapo, na mfano mzuri ni primakwini, dawa ya malaria.

Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Hawa ni wengi katika maeneo yenye malaria, pwani yetu ikiwamo. Wanaishi bila shida yoyote, hata hawajijui. Wakipewa primakwini, chembe nyekundu zinaweza kupasuka, mkojo ukawa mweusi kama kahawa, macho yakawa ya njano. Vitabu vya zamani viliweka jambo hili Aina B, kwa sababu liliwapata baadhi tu na likaonekana geni. Tangu miaka ya 1950 chanzo chake kinajulikana, na kipimo chake kipo. Tena dozi ina sauti hapa. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba dozi moja ndogo, ya miligramu 0.25 kwa kila kilo ya mwili, inaweza kutolewa bila kupima G6PD, ili kuzuia malaria ya falsiparum isiambukizwe kwa wengine. Kama dozi isingekuwa na uzito, ushauri huo usingewezekana.

Kuna mfano wa pili, abakaviri, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI. Kwa baadhi ya watu, katika wiki sita za kwanza, inaleta homa, vipele, kutapika na kukohoa, na wakiirudia baada ya kuiacha wanaweza kufa. Hii ni B ya wazi, ni mzio. Lakini karibu wote wanaopatwa nayo wana alama ya kurithi inayoandikwa HLA-B*57:01. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba ukiwapima watu kabla, ukawanyima dawa wenye alama hiyo, mzio uliothibitishwa unatoweka. Alama hiyo huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya na ni adimu kwa Waafrika wengi, ndiyo maana hapa kwetu mzio huu hauonekani mara kwa mara.

Kwa hiyo B si gereza la milele. Neno halitabiriki linamaanisha halitabiriki kwa kuitazama dawa peke yake. Ukimtazama na mtu, baadhi ya B zinaanza kutabirika. Wataalamu Aronson na Ferner walipendekeza mwaka 2003 tuainishe madhara kwa kutazama mambo matatu kwa pamoja: dozi, wakati yanapotokea, na nani yuko hatarini zaidi. Ukikuta swali la primakwini, andika aina ambayo kitabu chenu kinaitaja, kisha ongeza sentensi moja kwamba dozi na G6PD vyote vinaamua. Msahihishaji anayejua kazi yake atakupa alama kwa sentensi hiyo.

Na sasa, kwa nini tusumbuke na herufi? Kwa sababu hatua ya kuchukua inategemea jibu. Yule bibi wa kisukari hahitaji kuandikiwa kwamba ana mzio wa glibenklamaidi. Anahitaji sukari haraka, na kuangaliwa hata kesho yake, kwa kuwa dawa inakaa mwilini na sukari inaweza kushuka tena. Kisha anahitaji dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe, figo zipimwe, na mazungumzo kuhusu funga. Kijana wa penisilini anahitaji adrenalini kwenye msuli wa paja papo hapo, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, na baada ya hapo jina penisilini liandikwe kwenye faili lake kwa wino mzito, asipewe tena. Ukimpunguzia dozi ukidhani ni A, unaweza kumuua. Na ukimkataza mtu dawa maisha yake yote kwa sababu kidonge kimoja kilimletea kizunguzungu, umemnyang'anya tiba bure.

Herufi hizi zina kazi nyingine, kwenye utoaji wa taarifa. Madhara ya Aina A mara nyingi huonekana mapema, dawa ikiwa bado kwenye majaribio. Ya Aina B hujificha. Kuna kanuni ya hesabu: ukitaka uhakika wa asilimia 95 kwamba utaona angalau tukio moja, unahitaji watu mara tatu ya uwiano wake. Jambo linalompata mmoja kati ya 30,000 linahitaji watu 90,000. Majaribio ya dawa kabla ya kuuzwa kwa kawaida huwa na watu elfu chache tu. Kloramfenikoli iliingia sokoni mwaka 1949 ikisifiwa sana. Taarifa za wagonjwa waliokauka uboho ndizo zilizoifanya mamlaka ya dawa ya Marekani itoe onyo mwaka 1952. Aliyeugundua ukweli ni daktari aliyemwona mgonjwa mmoja, akaandika, naye mwenzake mahali pengine akaandika.

Kazi hiyo haijaisha. Tanzania, taarifa za madhara hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kenya, hupokelewa na Bodi ya Famasia na Sumu. Kote kuwili ipo fomu ya njano. Mhudumu hahitaji kuwa na uhakika kwamba dawa ndiyo chanzo. Shaka inatosha.

Mwanafunzi, kabla hujagusa kalamu kesho, tafuta dozi na tarehe ndani ya maelezo, kisha ndipo utafute herufi. Nawe msikilizaji uliye nyumbani, dawa ikikudhuru usiseme tu ilinikataa. Andika jina lake kamili, uliitumia kiasi gani, uliianza lini, na tatizo lilianza siku gani. Peleka karatasi hiyo kituo cha afya na uombe ijazwe fomu.